Mbweha Aliyevaa Kaptula ya Panya

Kwenye ukuta wa chekechea moja pale Nkuhungu, Dodoma, kuna mnyama mweusi aliyechorwa kwa rangi ya mafuta, urefu wake kama mita moja na nusu. Ana uso mweupe, glavu nyeupe, kaptula nyekundu na viatu vikubwa vya njano. Mwenye shule alikuwa ameagiza Mickey. Fundi naye aliapa kwamba Mickey ndiye aliyemchora, tena "yule wa zamani, wa kwenye picha zisizo na rangi." Aliyewakatalia wote wawili ni mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amekaa kwenye msingi wa jengo akila karanga. "Huyu si Miki," alisema. "Miki hana mkia hivi."

Niliitwa kuamua kwa sababu niliwahi kuchora mabango kabla sijaanza kuandika, na fundi huyo tulishika brashi pamoja enzi hizo. Nilisogea, nikautazama ukuta, na mtoto alikuwa sahihi kabisa. Masikio yalikuwa yamechongoka. Mkia ulikuwa mnene na wenye manyoya, kama ufagio wa kuondolea utando wa buibui. Yule hakuwa Mickey. Alikuwa Foxy, mbweha wa katuni wa mwaka 1931 ambaye hata Wamarekani wengi hawamkumbuki, na fundi alikuwa amemchora vizuri mno.

"Kaka, mbona nimeandika Mickey ya zamani kwenye simu, ikaniletea huyu?" fundi aliniuliza.

Simu haikukosea sana. Foxy alichorwa ili afanane na Mickey, na kwa jicho la haraka wanatofautiana sehemu mbili tu. Nimelifikiria jambo hilo kwa muda mrefu tangu siku ile, kwa sababu ndani yake limo swali ambalo kila anayechora katuni, awe Hollywood au Nkuhungu, lazima alijibu: kitu kidogo kwenye umbo la mhusika kinamtenga na wenzake wakati gani, na wakati gani kinabaki kuwa pambo tu? Jibu langu ni kwamba kinamtenga pale tu kinapofanya kazi. Lakini tuanze na chanzo cha kufanana kwenyewe, maana hapo ndipo watu wengi wanapohukumu vibaya na kuita kila mfanano wizi.

Katuni za Marekani za miaka ya 1920 zilijaa wanyama weusi wenye nyuso nyeupe. Aliyetangulia kwa umaarufu ni Felix, paka wa studio ya Pat Sullivan jijini New York, aliyeanza mwaka 1919. Mchoraji wake, Otto Messmer, alimfanya mweusi kwa sababu ya kazi: mwili mweusi ni wa kujaza wino tu, hauhitaji mistari mingi ya ndani, na kwenye filamu isiyo na rangi unaonekana vizuri mbele ya mandhari meupe. Ili uone uzito wa hesabu yake, chukua filamu ya sauti ya dakika saba. Inapita kwa picha 24 kila sekunde. Hata kama kila mchoro unapigwa picha mara mbili, bado unahitaji michoro 12 kwa sekunde, yaani zaidi ya 5,000 kwa filamu nzima. Ukipunguza mistari mitatu kwenye mwili wa paka, umepunguza mistari 15,000. Hapo hujamgusa hata mhusika wa pili.

Kwa hiyo wote walikwenda njia moja. Kichwa ni duara, kwa kuwa duara halihitaji kufikiriwa upya kila mnyama anapogeuka. Mikono na miguu ni kama mpira wa bomba la maji, haina kiwiko wala goti, inapinda popote. Vidole ni vinne. Uso ni bamba jeupe katikati ya weusi. Studio ya Felix, studio ya Disney, studio za New York zilizokuwa zikitoa hadithi za wanyama kila wiki, zote zilitumia mapishi hayo hayo. Katika mfululizo wa Paul Terry wa miaka ya 1920 kulikuwa na panya weusi wenye kaptula hata kabla Mickey hajazaliwa. Disney mwenyewe, alipokuwa akitengeneza filamu za msichana Alice kuanzia 1923, alimpa Alice paka aitwaye Julius ambaye ukimweka kando ya Felix unaanza kukuna kichwa. Na aliyekuwa akisambaza filamu za Felix na za Alice alikuwa mtu yule yule, Margaret Winkler.

Chukua glavu. Watoto wa leo wanadhani glavu nyeupe ndiyo alama ya Mickey. Katika filamu iliyomtangaza, Steamboat Willie ya Novemba 1928, Mickey hana glavu. Ana kofia, ana viatu, ana kaptula yenye vifungo viwili, lakini mikono yake ni myeusi. Tatizo linaonekana kila anapopitisha mkono mbele ya kifua: mweusi juu ya mweusi, mkono unapotea. Glavu zilikuja mwaka 1929, zikalimaliza tatizo hilo. Lakini tatizo halikuwa la Mickey peke yake, lilikuwa la kila mnyama mweusi aliyepata kuchorwa, na kwa hiyo muda si mrefu glavu zilikuwa kila mahali. Kitu kinachotatua shida ya wote hakiwezi kuwa jina la mmoja. Ndiyo maana nilimwambia mwenye shule asihesabu glavu, viatu wala kaptula. Hayo yote ni sare ya zama zile.

Mwenye shule alikuwa mama wa makamo, mvumilivu. "Sasa niangalie nini, baba?" aliniuliza. "Maana mimi naona Mickey mtupu."

Nilimwomba arudi nyuma hatua ishirini, mpaka kwenye geti, kisha akunje macho mpaka rangi zipotee libaki umbo tu, kama kivuli. Ukimtazama mhusika hivyo, kila kilicho ndani ya mstari wa nje kinakufa: vifungo, mboni, mistari ya glavu, rangi ya kaptula. Kinachobaki ni kile kinachotoka nje ya mwili. Kwa wanyama hawa wa duara vinavyotoka nje ni viwili tu, masikio na mkia. Wafugaji wetu wanalijua hili kwa njia yao. Ukienda mnada wa Msalato ukamuuliza mtu mbuzi wake ni yupi kati ya mia wenye rangi moja, hutazama sikio na mkato wake kabla ya kitu kingine chochote.

Yule mama alikunja macho pale getini. "Mbona ni paka?" alisema.

Alikuwa ameligusa kosa la Foxy bila kulijua. Masikio yaliyochongoka juu ya kichwa cha duara cheusi ni masikio ya Felix. Foxy akikutazama uso kwa uso, mkia wake unajificha nyuma ya mwili, na mwenye kivuli hicho ni paka mashuhuri aliyemtangulia kwa miaka kumi na miwili. Akigeuka ubavu, mkia unatokea na anakuwa mbweha. Ukivirudisha vilivyo ndani ya mstari, yaani uso, kaptula na viatu, anakuwa Mickey. Mhusika mmoja amesimama juu ya mipaka ya watu wawili, na alama yake pekee ya kweli, mkia wa manyoya, imewekwa upande ambao mtazamaji hauoni nusu ya muda.

Hapa lazima nilete jambo linaloonekana kuiangusha hoja yangu. Mickey naye alitokea kwa njia ile ile. Mwaka 1927 studio ya Disney ilianza kutengeneza filamu za sungura aitwaye Oswald kwa ajili ya Universal, kupitia msambazaji Charles Mintz, mume wa Winkler. Februari 1928 Walt Disney alikwenda New York kuomba malipo zaidi, akakuta Mintz anampa pungufu, tena ameshawachukua wachoraji wake wengi, na haki za Oswald si za Disney bali za Universal. Alirudi California bila sungura. Mchoraji wake mkuu, Ub Iwerks, hakumfuata Mintz, alibaki naye. Ndani ya majuma machache wakawa na panya, na panya huyo ukimweka kando ya Oswald ni Oswald aliyekatwa masikio marefu akawekewa duara mbili, na badala ya mkia mfupi wa sufi akapewa mkia mrefu mwembamba. Miaka mitatu baadaye Rudolf Ising, ambaye aliwahi kufanya kazi pale kwa Disney, akiwa na mwenzake Hugh Harman kwenye filamu zilizotolewa na Warner, alitoa zile duara mbili akaweka pembe mbili, akaunenepesha mkia, na Foxy akapatikana. Kitendo ni kile kile. Kwa nini kimoja kilizaa mtu na kingine kikazaa nakala?

Sauti ilisaidia, sitaificha. Mickey alikuja na muziki uliokwenda sawasawa na kila hatua yake wakati watu walikuwa bado wanashangaa kusikia filamu ikisema. Lakini Foxy pia alikuwa na sauti, na muziki wake ulikuwa mzuri, maana Warner walikuwa na nyimbo zao nyingi za kutumia. Sauti peke yake haielezi.

Angalia masikio ya Mickey kwa makini. Yakitazamwa kutoka mbele ni duara mbili. Yakitazamwa kutoka ubavuni ni duara mbili. Akitazama juu, akitazama chini, akigeuka mgongo, ni duara mbili. Hakuna sikio la mnyama yeyote duniani linalofanya hivyo. Sikio halisi ni kama kijiko, ukiligeuza ubavu linakuwa mstari. Wachoraji wa Disney walikuwa wakiyatelezesha masikio juu ya kichwa kama sarafu mbili juu ya mpira, ilimradi yasibadilike umbo. Mwaka 1941 studio ilijaribu katika filamu chache kuyafanya masikio hayo yawe ya kweli, yenye mgongo na tundu, yanayogeuka pamoja na kichwa. Jaribio halikudumu. Ninaamini sababu inaonekana kwa macho: sikio lilipoanza kutii kanuni za sikio, alama iliyokuwa haipotei ikaanza kupotea kila panya alipogeuka. Kazi ya duara zile ni kumtambulisha Mickey katika kila mchoro kati ya ile 5,000, bila kupumzika hata mmoja.

Oswald ana njia tofauti kabisa, na mimi binafsi ndiye ninayempenda zaidi. Masikio yake hayakai sawa hata kidogo. Husimama akifurahi, hulala nyuma akikimbia, huanguka akikata tamaa. Hayo ni masikio yanayozungumza, na katika filamu isiyo na sauti mdomo wa pili ni mali. Mwili wake nao unavunjika na kuungika. Kwenye Trolley Troubles ya 1927, tramu yake inapokatika na kuteremka kwa kasi, Oswald anauchomoa mguu wake mwenyewe, anaubusu na kujisugua nao apate bahati, kwa kuwa kwa Wamarekani mguu wa sungura ni hirizi. Jina lake kamili lenyewe linamwita sungura mwenye bahati. Mzaha huo hauwezekani kwa panya wala kwa mbweha. Usungura wake umeingia kwenye kisa, haukubaki kwenye mchoro.

Na hakuupata siku ya kwanza. Filamu ya Oswald iliyotengenezwa kwanza kabisa, Poor Papa, ilikataliwa na Universal. Walimwona mzee, mnene, hana mvuto. Disney wakamchora upya akiwa kijana mwepesi, na ndipo Trolley Troubles ikatoka. Filamu ile ya kwanza ilikuja kuonyeshwa baadaye, 1928. Masikio marefu yalikuwepo kwenye toleo zote mbili. Kilichobadilika ni kwamba la pili lilikuwa na mwili ambao ungeweza kuyatumia.

Sasa weka tramu hiyo kando ya tramu nyingine. Mwaka 1931 Foxy alipewa filamu iitwayo Smile, Darn Ya, Smile!, na ndani yake yeye ni dereva wa tramu. Kama ilivyo kwa Oswald, anakutana na ng'ombe aliyeziba njia. Kama ilivyo kwa Oswald, tramu inamshinda na kuteremka bila breki. Mwishoni anaanguka, anazinduka kitandani, kumbe ilikuwa ndoto. Sishangai, kwa kuwa baadhi ya mikono ilikuwa ya watu walewale waliokuwepo 1927. Kinachonihuzunisha kila nikiitazama ni kwamba hakuna hata tukio moja linalohitaji mbweha. Mkia ule mkubwa hauzibi breki, haufuti kioo, haumpigi ng'ombe, haumfuniki mpenzi wake akihisi baridi. Akiwa amesimama ndani ya tramu, ukuta wa tramu unauficha. Masikio yake yamechongoka mwanzo mpaka mwisho na hayasemi kitu. Ungeweza kuyafuta, ukaweka duara za Mickey katika kila mchoro, na hadithi isipungue neno.

Linganisha na Felix. Mkia wake nao ni wa kawaida kwa umbo, mwembamba kama wa paka yeyote. Lakini Felix akiwaza, mkia unajikunja ukawa alama ya kuuliza. Akihitaji fimbo anauchomoa. Akihitaji kitu cha kufungulia mlango au kupanda ukuta, mkia ndio huo. Julius, yule paka wa Alice, alikuwa na mbinu hizo hizo za mkia, na hapo ndipo ninaposema bila kusita kwamba kilichonakiliwa kilikuwa mali ya Felix. Weusi wa Julius haunisumbui, hata masikio yake hayanisumbui. Kuchukua kazi ya mkia ni kumchukua mtu mwenyewe.

Foxy aliishi filamu tatu, zote za 1931. Baada yake Ising akaweka nguruwe, Piggy, ambaye naye alikuwa na filamu mbili tu. Mwaka huo huo wa 1931 Disney waliishitaki studio ya Van Beuren ya New York kwa sababu ya panya wawili, dume na jike, waliofanana mno na Mickey na Minnie, na mahakama ikawazuia Van Beuren kuendelea kuwatumia. Haikumaanisha kwamba hakuna tena anayeruhusiwa kuchora panya. Panya wa Terry waliendelea kuwa ukweli wa historia. Na Foxy alikuja kurudi mwaka 1992, Warner walipomweka kwenye kipindi cha katuni cha televisheni. Jambo la kwanza walilofanya ni kumchora upya, akawa mbweha zaidi na Mickey kidogo. Wao wenyewe walijua wameshika nini mkononi.

Nirudi Nkuhungu, kwa kuwa pale tulifanya jaribio ambalo sikuwahi kulifanya kwa mikono yangu. Mwenye shule alitaka panya. Fundi alikuwa na kopo la rangi nyeusi lililobaki, nyeupe kidogo, na brashi mbili, ya inchi mbili na ya nusu inchi. Kichwa cha yule mbweha alikuwa amekizungusha kwa mfuniko wa sufuria wenye upana wa sentimita 40. Kwa masikio tuliazima sahani jikoni, upana wake sentimita 24. Sikio la Mickey huwa kidogo zaidi ya nusu ya kichwa, ukilifanya sawa na kichwa anakuwa tembo, ukilifanya dogo zaidi anakuwa dubu. Tuliiweka sahani kwenye saa nne na kwenye saa nane za kichwa kama ukikitazama kama saa ya Kiswahili, ikigusa tu bila kuingia ndani. Ncha za mbweha zilimezwa zote na duara. Mkia tuliufuta kwa rangi ya ukuta, tukasubiri ukauke, kisha fundi akavuta mstari mmoja mwembamba uliopinda. Upepo wa Dodoma ulikuwa unaleta vumbi, ikabidi ashikilie kanga ya mama mmoja kuzuia upande mmoja huku mimi nikizuia mwingine.

Dakika arobaini. Uso hatukuugusa. Glavu, kaptula, viatu, hatukugusa. Mtoto wa karanga alirudi, akasimama, akasema, "Sasa ndiye."

Fundi alifurahi, mimi nikabaki na mawazo. Ikiwa mbweha anageuka panya kwa sahani moja na dakika arobaini, basi mbweha huyo hakuwahi kuwa na vingi vyake. Lakini ukutani hata Oswald angegeuka Mickey kwa muda huo huo. Ukuta hautembei. Tofauti ya Oswald na Foxy iko kwenye mwendo, na mwenye kuchora ukuta hana mwendo wa kutumia. Anachoweza kufanya ni kuchagua mkao ambamo alama ya mhusika imekamatwa ikiwa kazini: Felix mkia ukiwa alama ya kuuliza, Oswald masikio yakiwa yamelala kwa kasi. Mafundi wetu wengi huchora mhusika amesimama wima, mkono mmoja juu, anatabasamu. Kwa mkao huo wanyama wote wa zama zile ni ndugu wa tumbo moja, na mtoto wa miaka mitano analazimika kuwa hakimu.

Kuna jambo la haki ambalo mwenye shule aliuliza, nami nilimjibu kwa kifupi. Tarehe 1 Januari 2024 hakimiliki ya Marekani juu ya Mickey wa Steamboat Willie ilikwisha, na mwaka uliofuata zikafuata filamu za 1929 pamoja na glavu zake. Yule mwenye mboni ndani ya jicho, ambaye alianza 1939, bado yumo ndani ya ulinzi huko, na Disney bado wana Mickey kama alama ya biashara. Hapa kwetu inayotumika ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, yenye hesabu zake. Lakini ona jinsi vitu vile vile vidogo, jicho na mkono, vilivyokuja kuwa mipaka ya miaka. Mboni moja ndani ya jicho ina tofauti ya miaka kumi na moja ya sheria.

Oswald naye alipitia mikono mingi. Baada ya Mintz, Universal walimkabidhi Walter Lantz mwaka 1929. Katikati ya miaka ya 1930 akachorwa mweupe, mwenye nywele laini na sura ya kupendeza, sungura kama sungura wengine wa katuni. Ni hapo nadhani alipotoweka kweli, ingawa masikio yalikuwa bado yapo. Yalikuwa yamesimama tu. Mwaka 2006 haki zake zilirudi Disney, katika mapatano na NBC Universal ambamo mtangazaji wa michezo Al Michaels aliachiwa aende NBC, na waliporejea kumtumia walimrudia yule mweusi wa 1927.

Wiki iliyopita fundi alinipigia simu. Mwenye shule ameupenda ukuta, anataka na ule wa pili, upande wa vyoo, na fundi anataka kumchora Oswald. "Kaka, masikio niyapime kwa nini?" Nilimwambia aache sahani. Achukue kamba, aipime kichwa kutoka kidevuni mpaka utosini, urefu huo ndio wa sikio, na akiongeza kidogo haharibu. Kisha asiyasimamishe. Amchore akikimbia kuelekea mlangoni, masikio yote mawili yamelazwa nyuma sambamba na ardhi, moja limetangulia lingine kwa upana wa vidole vitatu, maana yakilingana yataonekana mabawa.

"Na mkia?"

"Mkia donge tu, kama pamba. Malizia nao."

Alikuwa tayari juu ya ngazi, nilisikia kopo likigonga chuma. Akasema ameshachora mstari wa sikio la kwanza, anashuka akautazame kutoka getini.